Kabla hujalipia ukumbi wa mkutano Kampala: maswali ya kuiuliza hoteli

Hoteli nyingi za Kampala na Entebbe huuza mkutano kwa kichwa. Unapiga simu, unatajiwa bei ya mtu mmoja kwa siku, unazidisha kwa idadi ya wageni wako na unaona umemaliza. Kumbe ile idadi uliyoitaja juujuu kwenye simu ndiyo itakayoamua ukumbi utakaopewa, chakula kitakachopikwa, pesa utakazodaiwa hata viti vikibaki vitupu, na fidia utakayotozwa mkighairi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye idadi, halafu ndipo tufike kwenye bei.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Chama cha walimu wa Kiswahili kinaandaa warsha ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, na kimewaalika walimu 80 kutoka Kampala, Wakiso, Jinja na Mbale. Sehemu kubwa ya kazi ni ya vikundi. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, zipo ili uone hesabu inavyokwenda.

Hatua ya 1: Kuwa na idadi tatu mkononi

Idadi ya kwanza ni ya walioalikwa, yaani 80. Ya pili ni ya wale ambao una hakika watafika: wamethibitisha, nauli yao imepatikana, na mwalimu mkuu amewaruhusu. Tuseme hao ni 70. Ya tatu ni ya juu kabisa, iwapo wote watakuja na wengine waje na wenzao: 85.

Ukumbi uombe wa 85. Chakula na malipo yaahidi kwa 70. Ukiiambia hoteli "tutakuwa themanini" na kuishia hapo, itaandika 80 kwenye kila mstari wa hati yake, na huo ndio mkataba wako.

Idadi unayoiahidi kulipia huitwa idadi ya uhakika. Hoteli hukutoza hiyo hata wakija wachache, kwa sababu ng'ombe keshakatwa na matoke yameshamenywa. Wakizidi, unalipia waliozidi. Maana yake ni kwamba idadi ya uhakika hupanda kwa urahisi lakini kushuka ni kazi. Siku zote anza chini.

Hatua ya 2: Ulizia ukumbi kwa mita na mpangilio wa viti

Mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

"Ukumbi wenu unachukua watu wangapi, nyabo?"

"Mia na hamsini, ssebo. Hata mia na themanini wanaingia."

Wanaingia kweli, kama ni viti vitupu vilivyopangwa kwa safu kama sinema. Hapo mtu mmoja anahitaji mita ya mraba moja hivi, au pungufu. Ukiweka meza mbele yao kama darasani, mtu anakula karibu mita moja na nusu hadi mbili. Meza za duara za watu wanane, ambazo upande unaoelekea jukwaa huachwa wazi, zinahitaji nafasi inayokaribiana na hiyo, kwa sababu kila meza lazima izungukwe na njia ya kupita. Umbo la U ndilo linalomeza nafasi kuliko yote, maana katikati hakuna anayekaa, na kwa watu zaidi ya 40 hivi walio nyuma hawaoni kitu.

Walimu wetu wanafanya kazi za vikundi, kwa hiyo wanataka meza za duara. Watu 85 kwa meza za wanane ni meza 11. Meza ya duara ya ukubwa wa kawaida wa hoteli, pamoja na viti na njia, huchukua kama mita za mraba 11. Meza zote zitachukua 121, ongeza 25 za jukwaa, projekta na meza ya usajili mlangoni, unafika 146. Ule ukumbi wa "watu mia na hamsini" ukiwa na mita 12 kwa 10, una mita za mraba 120 tu. Hautoshi, ingawa aliyekujibu hakukudanganya.

Basi uliza: urefu na upana ni mita ngapi? Kuna nguzo katikati? Nguzo mbili zilizokaa vibaya zinaweza kuwaficha skrini watu wa meza nzima. Chakula cha mchana kinaliwa humohumo au kwingine? Kikiliwa humo, sahau meza za vikundi, maana wahudumu watataka kupanga upya kila kitu saa sita.

Swali lingine ambalo watu hulisahau ni hili: jirani yetu ni nani siku hiyo? Kumbi nyingi zimegawanywa kwa ukuta wa kukunja, na ukuta huo huzuia macho tu, sauti hupita. Harusi na kwanjula, zile sherehe za kutambulishana familia za wachumba, za Jumamosi huanza kujaribu spika Ijumaa alasiri. Warsha ya Alhamisi na Ijumaa inaweza kumalizikia kwenye "moja, mbili, moja, mbili" ya fundi wa muziki bustanini. Omba hoteli ikuandikie kwamba hakuna majaribio ya sauti kabla ya saa kumi na moja jioni siku zako.

Na ukiambiwa "ukumbi" kumbe ni hema la bustanini, liangalie kwa macho ya mvua. Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, mvua ya Kampala ikipiga juu ya turubai hakuna atakayemsikia msemaji. Jua likiwaka, ndani kunakuwa tanuri. Mimi hema nalikubali kwa chakula cha mchana, basi.

Hatua ya 3: Tuma ombi lilelile kwa hoteli tatu

Simu ni ya kujua kama tarehe ipo. Bei iombe kwa maandishi, na barua iwe ileile neno kwa neno kwa hoteli zote, la sivyo hutaweza kulinganisha majibu. Chagua hoteli kwa kuangalia wageni wanatoka wapi. Walimu wa Jinja na Mbale wataingia kwa barabara ya Jinja. Ukiwapeleka Entebbe, utawavusha mji mzima kwenye foleni. Upande wa Mukono, Bweyogerere au Kireka ungewafaa zaidi, isipokuwa siku za kuelekea tarehe 3 Juni, ambapo mahujaji wa Siku ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo hujaza vyumba vya upande huo.

Barua haihitaji madoido:

> Ndugu Afisa Mauzo,
>
> Tunaomba bei ya warsha ya siku mbili, Alhamisi 3 na Ijumaa 4 Septemba 2026, kuanzia 08:00 hadi 17:00. Tunahitaji ukumbi wa watu 85, meza za duara za watu wanane. Idadi ya uhakika ni watu 70. Wageni 30 watalala usiku mmoja, Alhamisi, chumba na kifungua kinywa.
>
> Tafadhali tujibuni haya:
> 1. Urefu na upana wa ukumbi, na kama una nguzo.
> 2. Bei kwa mtu kwa siku, kwa shilingi, VAT na tozo ya huduma zikiwa ndani.
> 3. Orodha ya vyote vilivyomo katika bei hiyo, na bei ya kila kilicho nje yake.
> 4. Siku ya mwisho ya kubadili idadi ya uhakika, na tunaweza kupunguza kwa asilimia ngapi bila kutozwa.
> 5. Malipo ya awali ni kiasi gani, na masharti yenu ya kughairi na ya kuahirisha.
> 6. Mnaweza kutushikilia tarehe hizi bila malipo hadi lini?
>
> Profoma iandikwe kwa jina la chama. TIN yetu imeambatishwa.

Saa ziandike kwa tarakimu za 08:00 na 17:00. Ukiandika "saa mbili", mmoja atasoma asubuhi na mwingine atasoma saa nane mchana, kwa vile ofisi za hoteli huandikiana zaidi kwa Kiingereza. Na kama afisa mauzo anapendelea barua ya Kiingereza, mpe, ila namba za maswali ziache zilezile.

Atakayejibu maswali yote sita kwa mpangilio huo amekuonyesha namna atakavyokuhudumia. Atakayekutumia picha za bwawa la kuogelea na bei moja tu, mwandikie mara moja zaidi, asipobadilika muache.

Hatua ya 4: Zigeuze bei zote ziwe za aina moja

Tuseme hoteli mbili zimejibu. Ya kwanza inasema shilingi 95,000 kwa mtu kwa siku, VAT bado. Ya pili inasema 115,000, kila kitu ndani. Mweka hazina wa chama atapenda ya kwanza.

Ongeza VAT ya asilimia 18 kwenye 95,000, inakuwa 112,100. Bado iko chini. Sasa soma mistari ya chini ya profoma, yaani ile hati ya makadirio ya bei waliyokutumia: projekta 150,000 kwa siku, vipaza sauti 250,000 kwa siku, navyo VAT bado. Vyote viwili kwa siku mbili, pamoja na VAT, ni 944,000. Kwa watu 70 kwa siku mbili hoteli ya kwanza inafika 15,694,000, na ukiweka nyongeza hiyo jumla ni 16,638,000. Ya pili ni 16,100,000. Ile iliyoonekana rahisi imezidi kwa 538,000.

Halafu linganisha tofauti hiyo na idadi. Kama tungeahidi watu 80 katika hoteli ya pili, tungedaiwa 18,400,000. Kumi waliopunguzwa kwenye ahadi wametuokolea 2,300,000, zaidi ya mara nne ya tofauti ya bei kati ya hoteli hizo mbili. Ndiyo maana nasema usipoteze asubuhi nzima kubembeleza elfu tano kwa kichwa kabla hujajua kwa hakika vichwa ni vingapi.

Mambo mawili ya kodi yamalizwe mapema. Kama taasisi yako ni miongoni mwa zile ambazo URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, imeziteua kukata kodi ya zuio, malipo ya zaidi ya shilingi milioni moja hukatwa asilimia 6 ya kiasi kisicho na VAT. Kwa 16,100,000 kiasi hicho ni 13,644,000 hivi, na makato ni karibu 818,600. Hoteli yenye msamaha wa URA ikuonyeshe hati yake kabla, si siku ya kulipa, ambapo mhasibu wao anadai pesa kamili na wako anakatalia cheti. La pili ni ankara ya EFRIS, ule mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Profoma si ankara, na risiti ya kuandikwa kwa mkono haitamsaidia mhasibu wako mbele ya URA. Uliza kama watatoa ankara ya EFRIS yenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya chama, nao waseme ndiyo kwa maandishi.

Ukipewa bei kwa dola, omba igeuzwe iwe shilingi na ibaki hivyo hadi siku ya malipo. Kama hoteli inakataa, basi iandike ni kiwango cha benki gani na cha siku gani kitakachotumika.

Hatua ya 5: Nenda ukaone, na uende siku yenye mkutano

Maneno "huduma zote zimo" hayana maana mpaka yavunjwevunjwe. Kifurushi cha siku nzima kwa kawaida kina ukumbi, chai ya asubuhi na ya alasiri, chakula cha mchana, maji ya kunywa, kalamu na daftari. Mengine hutofautiana sana. Soda ya mchana imo? Maji ni chupa moja kwa siku au ni moja asubuhi na moja mchana? Chai inakuja na sambusa na mandazi, au ni chai kavu? Nyama ni halali, na wanaweza kukuandikia hivyo? Walimu wachache tu wakiacha kula kwa wasiwasi wanatosha kuharibu mchana wenu.

Umeme ndio unaohitaji macho yako mwenyewe. Kila hoteli itakuambia ina jenereta. Uliza jenereta hiyo inabeba nini: taa peke yake, au pia soketi za ukumbi, projekta na viyoyozi? Inachukua muda gani kuwaka, na mafuta ni juu ya nani? Kisha mwombe fundi akuonyeshe soketi zilizo karibu na meza za duara, usiridhike na zile za ukutani. Walimu 70 wenye simu na kompyuta watazitafuta zote.

Ukipata nafasi, tembelea siku ambayo ukumbi una watu. Ungana na waifai yao kwa simu yako saa tano asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa, ufungue video. Ikikwama hapo, na siku yenu itakwama. Ukumbi mtupu una intaneti ya kupendeza kila mahali. Pita chooni wakati wa mapumziko ya chai, utazame foleni. Tazama pia foleni ya chakula: meza moja ya kujipakulia kwa watu 70 hula dakika nyingi, kwa hiyo omba iwe na pande mbili za kupakulia. Hilo halina gharama na hakuna hoteli iliyowahi kunikatalia.

Hatua ya 6: Soma masharti ya kughairi kama mtu atakayeghairi

Hapa soma polepole. Masharti ya kawaida hupanda ngazi: ukighairi mapema sana unarudishiwa, ukikaribia unapoteza sehemu, wiki ya mwisho unapoteza yote. Tuseme hoteli yetu ya pili imeandika: "Kughairi siku 7 hadi 14 kabla, fidia ni asilimia 50." Asilimia 50 ya nini? Tumelipa malipo ya awali ya nusu, yaani 8,050,000. Kama ni nusu ya malipo ya awali, tunapoteza 4,025,000. Kama ni nusu ya gharama yote, malipo ya awali yamekwenda yote. Sentensi ileile, na tofauti ya milioni nne. Muulize meneja, ajibu kwa barua pepe, na jibu lake liambatane na mkataba.

Yatenganishe mambo matatu ambayo hoteli hupenda kuyafunga pamoja: kughairi, kuahirisha na kupunguza watu. Kuahirisha kusihesabiwe kughairi. Omba kuhamisha tarehe mara moja bila fidia mkitoa taarifa wiki mbili kabla, na malipo ya awali yatumike ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kupunguza watu nako kuwe na nafasi yake: kwa mfano, hadi asilimia 10 bila kutozwa mpaka siku saba kabla, na idadi ya mwisho saa 72 kabla. Kwa 70 tulioahidi, hapo tunaweza kushuka hadi 63. Vyumba vya kulala vina ngazi zao, mara nyingi kali zaidi. Uliza ni siku gani unaweza kuviachia bila deni.

Halafu kuna dharura isiyozuilika. Mwezi Machi 2020 serikali ilisimamisha mikusanyiko kwa sababu ya korona. Oktoba 2022 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa ajili ya Ebola, watu wasiingie wala kutoka. Januari 2025 Ebola ikatangazwa Kampala kwenyewe, safari hii bila kufunga mji. Kuwepo kwa amri ya serikali na kutokuwepo kwake ni hali mbili tofauti kabisa kwenye mkataba. Mikusanyiko ikipigwa marufuku, hoteli nyingi zitakubali kuwa si kosa lako. Lakini kama hakuna marufuku ila walimu wa Mbale wameogopa kusafiri, utaambiwa umeghairi mwenyewe. Omba kifungu kitaje amri ya serikali, mlipuko wa ugonjwa uliotangazwa na Wizara ya Afya, na kufungwa kwa barabara au wilaya wanakotoka wageni wako, na kiseme utarudishiwa pesa au utapewa tarehe nyingine, kwa hiari yako.

Na je, hoteli ndiyo ikighairi? Kampala ni mji wa mikutano ya wakubwa. Januari 2024 Munyonyo ilipokea mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, ukafuatiwa mara moja na ule wa G77, na mambo ya aina hiyo yakija, wadogo husogezwa. Mikataba mingi imejaa adhabu za mteja na haina hata mstari mmoja wa adhabu ya hoteli. Taka uandikwe: wakikuondoa, wakurudishie pesa zote ndani ya siku kadhaa, au wakutafutie ukumbi unaolingana kwa bei ileile na walipie usafiri wa wageni. Hapa ndipo utakapobishiwa zaidi, na hapa ndipo mimi sirudi nyuma.

Hatua ya 7: Shikilia kwanza, lipa baadaye

Kushikilia tarehe kwa muda si kubuku. Omba siku saba hadi kumi na nne bila malipo, na mkubaliane kwamba akitokea mteja mwingine watakupigia simu na kukupa saa 24 za kuamua kabla hawajamkubali. Kama malipo yenu huenda kwa LPO, yaani hati ya kuagiza huduma ambayo hulipwa baadaye, uliza sasa kama wanaipokea na wanasubiri siku ngapi.

Ukiamua, andika barua pepe moja inayorudia tarehe, ukumbi kwa jina lake, mpangilio wa viti, idadi ya uhakika, bei ya mtu, vilivyomo, na masharti mliyoyabadilisha, kisha omba ijibiwe "tumekubali" na meneja mwenye mamlaka. Afisa mauzo aliyekuahidi mambo kwa simu anaweza kuwa amehamia hoteli nyingine Septemba ikifika. Malipo ya awali yaende kwenye akaunti ya benki au namba ya biashara ya MTN au Airtel inayoonyesha jina la hoteli kabla hujabonyeza namba ya siri. Jina la mtu binafsi likitokea, acha hapo, upigie simu mapokezi ya hoteli.

Kisha weka tarehe mbili kwenye simu yako: 27 Agosti, siku ya mwisho ya kupunguza watu bila kutozwa, na 31 Agosti asubuhi, wakati idadi ya mwisho inapotakiwa hotelini. Kabla ya hiyo ya kwanza, kaa na orodha ya walimu, uwapigie simu mmoja mmoja.